Pakiti iko mkononi: jinsi ya kuandika tangazo la kurejesha chakula

Mfikirie mtu aliyesimama jikoni kwake, mkono mmoja ameshika pakiti ya biskuti, mkono wa pili simu. Amesikia kwamba biskuti fulani zinarejeshwa. Anachotaka kujua ni kimoja tu: hii yangu imo au haimo? Tangazo linalomchukua zaidi ya nusu dakika kupata jibu limeshashindwa kazi, hata kama kila sentensi yake ni kweli.

Nimekaa pande zote mbili za shughuli hii. Kwanza chumba cha habari, nikipokea matangazo ya namna hii na kuyahangaikia kabla ya taarifa ya saa. Baadaye kiwandani, nikiyaandika mwenyewe. Nilichojifunza ni kwamba matangazo mabaya kwa kawaida hayana uongo. Yameandikwa tu kumridhisha mwanasheria na mkurugenzi, na mwenye pakiti akasahaulika.

Nitatumia kisa kimoja cha kutunga, lakini cha aina inayotokea sana viwandani: chakula chenyewe ni kizuri, ila kimeingia kwenye kifungashio kisicho chake. Kiwanda kinatengeneza biskuti za shayiri na biskuti za karanga kwenye laini moja. Tarehe 7 Mei 2025, wakati wa kubadilisha kutoka karanga kwenda shayiri, roli ya karatasi ya shayiri ilifungwa kwenye mashine kabla biskuti za mwisho za karanga hazijaisha kwenye mkanda. Kwa muda wa kama dakika ishirini, biskuti za karanga zikavalishwa nguo ya shayiri. Hakuna aliyegundua mpaka mteja mmoja alipopiga simu Juni kusema ameuma biskuti ya shayiri akakuta vipande vya karanga.

Kwa watu wengi hilo ni la kucheka. Kwa mwenye aleji ya karanga linaweza kuwa la kufa.

Hatua ya kwanza: jaza karatasi moja kabla ya kuandika neno

Usianze na tangazo. Anza na karatasi yenye maswali machache, uizungushe kwa mtu wa ubora, wa ghala na wa mauzo. Bidhaa gani, ya uzito gani? Alama gani zimechapwa kwenye pakiti? Zimetengenezwa ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi? Zimeanza kuuzwa lini na wapi? Kuna aliyeugua? Mamlaka ya chakula imeshaarifiwa saa ngapi?

Kwenye kisa chetu, karatasi inarudi hivi. Siku ile zilitoka katoni 360 za shayiri, kila moja ina pakiti 24, jumla pakiti 8,640. Katoni 72 bado ziko ghalani na zimezuiwa. Katoni 288, yaani pakiti 6,912, zimeshakwenda madukani tangu tarehe 12 Mei. Mtu wa ubora amefungua sampuli za akiba za siku hiyo akakuta moja ina karanga. Halafu amelinganisha karatasi iliyotumika na idadi ya pakiti zilizohesabiwa, na hesabu za shayiri zimezidi zile za unga wa shayiri uliopikwa. Sasa si tetesi tena.

Hapa pia amueni kama mnachofanya ni kuondoa sokoni au kurejesha. Ukiondoa sokoni, unazungumza na maduka na maghala tu, kwa sababu bidhaa haijamfikia mlaji. Ukirejesha, unakubali kwamba imeshaingia majumbani, na lazima useme na umma. Biskuti zilizouzwa wiki tatu ziko kwenye kabati za watu. Ukitumia maneno ya kuondoa sokoni kwenye tangazo la aina hii, msomaji ataelewa kwamba suala linashughulikiwa dukani na yeye halimhusu.

Mamlaka ya chakula ya nchi yako iarifiwe kabla tangazo halijatoka, si kwa kulisoma gazetini. Lakini usingoje ikupe daraja la hatari. Nchini Marekani, kwa mfano, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, hupanga urejeshaji katika madaraja matatu, la kwanza likiwa la hatari kubwa kuliko yote, na mara nyingi daraja hilo hutangazwa baada ya kampuni kuwa imeshautangazia umma. Mwenye aleji hawezi kusubiri makaratasi.

Hatua ya pili: amua mpaka wa bidhaa, na uupanue kidogo

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu kila mara. Mtu wa uzalishaji atakwambia tatizo lilikuwa kati ya saa 7:40 na saa 8:00 mchana, na kwa kuwa mashine inachapa saa kwenye kila pakiti, tangazo litaje dakika hizo ishirini tu. Kwa hesabu ya hasara yuko sahihi.

Kwa hesabu ya jikoni amekosea. Kwanza, saa ya mashine si lazima ifanane na saa ya ukutani, na hakuna anayejua kwa hakika pakiti ya mwisho yenye karanga ilipita saa ngapi. Pili, kila kipimo unachoongeza ni sharti lingine la kusoma. Mteja asome tarehe, kisha asome bechi, kisha asome saa, kisha aamue kama 13:58 iko ndani au nje. Baadhi watakosea, na watakosea kwa upande mbaya. Rejesha shayiri zote za siku ile. Pakiti nzuri elfu kadhaa zitaenda na mbaya, ila tangazo litakuwa na alama mbili tu za kuangalia badala ya tatu, na nafasi ya kulazimika kulipanua wiki inayofuata inapungua sana.

Hatua ya tatu: andika alama kama jicho linavyoziona

Nenda ghalani, chukua pakiti halisi mkononi, ikodolee macho. Usinakili kutoka kwenye mfumo wa kompyuta, kwa sababu mfumo huandika kwa namna yake na printa ya mashine kwa namna yake.

Niliwahi kuponzwa na hili. Kwenye tangazo moja nilidhani nasaidia watu kwa kuandika tarehe kwa maneno, vizuri kabisa, na kuacha ile iliyochapwa kwa namba. Asubuhi simu zikafurika. Watu walikuwa wanatafuta jina la mwezi kwenye pakiti na hawalioni, wakahitimisha kwamba yao haimo. Nilikuwa nimeitengeneza sentensi ikapendeza na nikaiharibia kazi yake.

Pakiti ya kisa chetu ina mistari miwili chini, karibu na mshono:

```
BORA KABLA YA 07.02.2026
L5127 13:52
```

Ona mitego iliyomo. 07.02 inaweza kusomwa tarehe 7 Februari au 2 Julai, kutegemea msomaji amezoea mpangilio gani. Kwa hiyo andika kwanza kama ilivyochapwa, kisha ufafanue: "07.02.2026, yaani tarehe 7 Februari 2026". L5127 ni namba ya bechi. Tano ni mwaka 2025 na 127 ni siku ya 127 ya mwaka, yaani 7 Mei. Hilo wewe unalijua, mteja halimsaidii chochote, usimfundishe. Mwambie tu: "L5127". Na saa iliyofuata mwambie aipuuze: "ikifuatiwa na saa yoyote". Usiposema hivyo, atapiga simu kuuliza mbona yake ina 14:20.

Mwambie pia alama ziko wapi. "Chini ya pakiti, karibu na mshono" ni maneno sita yanayookoa simu mia. Kama herufi O na sifuri zinafanana kwenye chapa yenu, zitofautishe kwa maneno.

Neno moja kuhusu msimbopau. Ule wa mistari myeusi haubadiliki kati ya bechi na bechi. Biskuti zote za shayiri za gramu 200 zina msimbo mmoja mwaka mzima. Unafaa kumpa mwenye duka azuie mauzo kwenye mashine ya malipo. Ukimpa mteja kama alama ya kwanza, atatupa hata pakiti ambazo hazina kosa, au mbaya zaidi, ataona namba zimelingana akadhani hiyo ndiyo bechi yenyewe.

Hatua ya nne: kichwa chenye mambo matatu

Kichwa kiwe na jina la bidhaa, hatari, na kitendo. "Taarifa muhimu kwa wateja wetu wapendwa" hakina hata kimoja. Mhariri atakiruka, na mteja atadhani ni ofa ya sikukuu.

Kwetu kitakuwa: "[Chapa] yarejesha Biskuti za Shayiri gramu 200: zinaweza kuwa na karanga ambazo hazikutajwa kwenye pakiti". Ni kirefu kidogo, sawa. Mhariri akitaka kukipunguza atakata mkia, na kilichobaki bado kitakuwa na jina la bidhaa na neno "yarejesha". Ndiyo maana jina linakaa mwanzo.

Neno "karanga" litokee hapo hapo kwenye kichwa. "Kiambato ambacho hakijatajwa" halimwambii chochote mama wa mtoto mwenye aleji. Yeye macho yake yanatafuta neno moja tu kwenye maisha yote, na neno hilo ndilo umemfichia.

Hatua ya tano: aya ya hatari

Sema nani yuko hatarini, kwa sababu gani, na dalili ni zipi. Kwa aleji, sema wazi kwamba asiye na aleji hana hatari; hilo halipunguzi uzito wa tangazo, linamfanya mhusika ajitambue haraka. Dalili zitaje kwa lugha ya mwili: kuwashwa mdomo, vipele, kuvimba midomo, ulimi au koo, kutapika, kupumua kwa shida, kizunguzungu au kuzimia. Ongeza kwamba zinaweza kuanza ndani ya dakika chache, na kwamba kiasi kidogo sana kinaweza kutosha.

Zuia pia dawa za nyumbani zitakazobuniwa. Kutakuwa na mtu atakayesema achambue vipande vya karanga ale kilichobaki, au apashe moto. Vyote havisaidii: unga wa karanga umeshachanganyika na biskuti, na joto la jiko haliondoi kinacholeta aleji.

Kama hatari yenu ni ya vijidudu, aya hii inabadilika kabisa, kwa hiyo usinakili kutoka tangazo la zamani. Aliyekula chakula chenye listeria anaweza kukaa wiki kadhaa kabla hajaugua, hadi siku 70, na kijidudu hicho huendelea kukua hata kwenye friji. Tangazo la listeria lazima lizungumze na aliyekwisha kula, hasa mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu, limwambie dalili za kuangalia na kwa muda gani. Tangazo la aleji linazungumza zaidi na ambaye hajala bado.

Mwanasheria ataleta hoja hapa: pakiti yetu tayari imeandikwa "imetengenezwa kwenye kiwanda kinachotumia karanga", tuiweke hiyo. Usiiweke. Onyo hilo linahusu chembe zilizopotea njia, si biskuti nzima ya karanga. Mteja ataisoma kama kampuni inamwambia alijitakia.

Hatua ya sita: afanye nini, kwa mpangilio wa mikono

Agizo la kwanza ni "Usile". Kisha: angalia pakiti, itenge mbali na watoto, irudishe dukani au itupe ikiwa imefungwa vizuri, asile mtu mwingine. Kisha pesa zake, kwa sentensi isiyo na masharti: atarudishiwa bei kamili, risiti haihitajiki. Usiandike "kulingana na taratibu za duka". Mteja akihisi kwamba kurudisha pakiti ni usumbufu, ataila.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika karibu kila mara. Watu humimina biskuti kwenye kopo au chupa na kutupa karatasi. Hawa hawana alama ya kuangalia, kwa hiyo waambie: kama ulinunua tangu 12 Mei na huna pakiti, na nyumbani kuna mwenye aleji, chukulia kwamba imo. La pili, biskuti hugawiwa. Jirani, ofisini, mkoba wa mtoto wa shule. Sentensi "kama umempa mtu, mjulishe" haigharimu kitu.

Aliyekula na ana dalili apewe agizo la peke yake, lisichanganywe na habari za kurudishiwa pesa: atafute huduma ya dharura mara moja, na kama ana sindano ya adrenalini aliyoandikiwa na daktari, aitumie.

Hatua ya saba: futa maneno yanayolaza usingizi

Chukua rasimu na kalamu nyekundu. Tafuta "kwa hiari", "kwa tahadhari tu", "katika matukio machache", "baadhi ya bidhaa", "usalama wa wateja ni kipaumbele chetu". Futa.

Si ladha yangu tu hii. Sheria ya usalama wa bidhaa ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2024 inakataza wazi tangazo la kurejesha bidhaa kutumia maneno yanayopunguza hisia ya hatari, na inataja mifano: kwa hiari, kwa tahadhari, katika hali nadra, hata kusema kwamba hakuna ajali iliyoripotiwa. Sheria hiyo haihusu chakula, chakula kina sheria zake. Lakini waliotunga mifano ile ni wazi walikuwa wamesoma matangazo mengi kama niliyowahi kuandika.

Lile la mwisho lina ubishi. Waandishi wa habari wataulizia idadi ya waliougua kabla hujamaliza kusema habari za asubuhi, na matangazo mengi ya chakula Marekani huwa na mstari huo. Mimi huuweka, ila mwishoni na pamoja na saa: "Hadi saa 4 asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025 hatujapokea taarifa ya mtu aliyeugua." Ukiuweka aya ya kwanza, nusu ya wasomaji wataishia hapo na kuendelea na chai yao. Na kama kuna aliyeugua, toa idadi, usitoe chochote kinachomtambulisha.

Sababu ya kosa ieleze kwa sentensi moja ikiwa unaijua. "Kosa la kiufundi" si sababu. "Biskuti za karanga zilifungwa kwenye karatasi ya biskuti za shayiri" ni sababu, na ina faida ya ziada: inamfanya mteja aelewe atakachokiona akifungua pakiti. Kama bado mnachunguza, sema mnachunguza.

Tangazo lenyewe

Hili ndilo linalotoka. Weka majina na namba zako kwenye mabano.

> [Chapa] yarejesha Biskuti za Shayiri gramu 200: zinaweza kuwa na karanga ambazo hazikutajwa kwenye pakiti
>
> *Limetolewa tarehe 3 Juni 2025, saa 4 asubuhi. Toleo la 1.*
>
> Kama una aleji ya karanga, usile biskuti hizi. Baadhi ya pakiti za Biskuti za Shayiri za [Chapa] zina biskuti za karanga ndani. Karanga hazikutajwa kwenye orodha ya viambato.
>
> Angalia pakiti yako. Inarejeshwa ikiwa ina alama zote hizi, chini ya pakiti karibu na mshono:
> BORA KABLA YA 07.02.2026 (yaani 7 Februari 2026)
> L5127, ikifuatiwa na saa yoyote
>
> Ziliuzwa kuanzia tarehe 12 Mei 2025 katika [maeneo na maduka]. Pakiti zenye tarehe au namba nyingine, na biskuti zetu za aina nyingine, hazirejeshwi.
>
> Hatari. Mwenye aleji ya karanga anaweza kupata madhara makubwa, hata kifo, kwa kula kiasi kidogo. Dalili ni kuwashwa mdomo, vipele, kuvimba midomo, ulimi au koo, kutapika, kupumua kwa shida na kuzimia. Zinaweza kuanza ndani ya dakika chache. Kuchambua vipande vya karanga au kupasha moto hakuondoi hatari. Asiye na aleji ya karanga hana hatari.
>
> Kama umekula na una dalili, tafuta huduma ya dharura mara moja. Kama una sindano ya adrenalini uliyoandikiwa na daktari, itumie.
>
> La kufanya. Rudisha pakiti dukani, hata ikiwa imefunguliwa. Utarudishiwa bei kamili bila risiti. Kama huwezi kurudisha, ipige picha alama zikionekana, itupe ikiwa imefungwa, kisha tupigie. Kama ulihamishia biskuti kwenye chombo kingine na huna pakiti, mwenye aleji asizile. Kama umempa mtu, mjulishe.
>
> Simu: [namba], kila siku saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku.
>
> Biskuti za karanga zilifungwa kwenye karatasi ya biskuti za shayiri tarehe 7 Mei 2025. Pakiti 6,912 zilipelekwa madukani. Zilizobaki ghalani zimezuiwa. Tuligundua baada ya mteja kutupigia simu tarehe [..]. [Mamlaka ya chakula] imearifiwa. Hadi saa ya kutoa tangazo hili hatujapokea taarifa ya mtu aliyeugua.
>
> Waandishi wa habari: [jina, cheo, namba ya mkononi]. Picha za pakiti na za alama: [anwani].

Neno "baadhi" limo, nalo limebaki kwa makusudi. Hapo linaelezea kilicho ndani ya pakiti zilizotajwa kwa namba. Ubaya wake ni pale linapokaa badala ya namba.

Hatua ya nane: mfanyie mwandishi kazi yake nusu

Tuma tangazo kama maandishi ya kawaida ndani ya barua pepe. Picha ya tangazo lililopigwa muhuri haiwezi kunakiliwa, haitafutiki kwenye simu, na asiyeona hawezi kusomewa na simu yake. Mwandishi akilazimika kuchapa upya L5127 kwa mkono, siku moja itatoka L5172.

Ambatisha picha mbili. Moja ya pakiti nzima mbele, ya pili ya alama kwa karibu sana, zikisomeka. Picha ya nembo ya kampuni haihitajiki na mtu yeyote.

Redio ina mahitaji yake, kwa kuwa msikilizaji hana kalamu. Mwandikie mtangazaji maneno ya sekunde ishirini ambayo hayategemei namba ya bechi: "Wenye aleji ya karanga wasile Biskuti za Shayiri za [Chapa] za gramu 200 zilizoandikwa bora kabla ya tarehe saba mwezi wa pili mwaka 2026. Ndani zinaweza kuwa na karanga. Zirudishe dukani, utarudishiwa pesa bila risiti." Tarehe iandikwe kwa maneno, ili asije akaisoma kinyume.

Mtu uliyemtaja awe na simu mkononi na majibu kichwani. Maswali yanajulikana: mlijua lini, mbona imechukua siku hizo zote, ngapi zimerudi, mtafanya nini isijirudie. La "mlijua lini" ndilo zito. Likiwa tayari kwenye tangazo, linakuwa taarifa. Likichimbuliwa na mwandishi, linakuwa habari ya ukurasa wa mbele.

Hatua ya tisa: lijaribu kabla halijatoka

Chukua pakiti tatu: moja ya bechi inayorejeshwa, moja yenye tarehe tofauti, moja ya biskuti za aina nyingine. Mpe mtu asiyehusika, mlinzi wa getini au mhasibu, pamoja na tangazo kwenye simu, na umwambie achague. Usimsaidie. Pima muda. Akizidi nusu dakika, au akigeuza pakiti mara ya tatu akitafuta mshono, rudi kwenye hatua ya tatu. Jaribio hili lina dakika tano, na sijawahi kulifanya bila kubadilisha angalau sentensi moja.

Piga pia namba ya simu iliyoandikwa. Nimeshaona tangazo lililotoka na namba inayoita faksi.

Ikibidi kupanua

Wakati mwingine uchunguzi unaendelea na bechi zinaongezeka. Mfano unaokumbukwa sana ni wa maziwa ya watoto ya Lactalis, Ufaransa, yaliyohusishwa na salmonela. Urejeshaji ulianza mwanzoni mwa Desemba 2017 kwa bechi 12. Siku chache baadaye zikawa zaidi ya 600, kisha ukapanuliwa tena mwezi huo huo, na Januari 2018 kampuni ikasema yote yaliyotoka kiwanda kile yarejeshwe: makopo takribani milioni 12, katika nchi 83. Katikati ya hayo ikagundulika kwamba baadhi ya maduka yalikuwa yameendelea kuuza makopo yaliyokwisha kutajwa. Mzazi aliyeangalia kopo lake kwenye orodha ya kwanza akaridhika, hakuwa na sababu ya kurudi kuangalia ya pili.

Kwa hiyo tangazo la pili lisiwe kiraka kwenye la kwanza. Lipe saa mpya na uandike "Toleo la 2, linachukua nafasi ya toleo la 1". Mstari wa kwanza kabisa umwite yule aliyeridhika: "Hata kama uliangalia pakiti yako tarehe 3 Juni, iangalie tena." Kisha orodha yote, ya zamani na mpya pamoja, mpya zikiwekewa alama. Toleo la zamani usilifute. Weka juu yake mstari unaompeleka msomaji kwenye jipya, maana picha zake zitaendelea kuzunguka kwenye makundi ya simu kwa miezi. Watumie toleo jipya waandishi wale wale waliochapa la kwanza, kila mmoja kwa jina lake, na uwaombe warekebishe habari ya awali mahali ilipo badala ya kuandika nyingine pembeni.